Kuepuka Uwandani au Kuondoa Mezani: Uamuzi kuhusu Visumbufu katika Video za Uhifadhi wa Lahaja za Kiswahili

Ikisiri

Watafiti wanaorekodi wasemaji wa lahaja za Kiswahili kwa video hukabiliwa na visumbufu vya sauti na vya picha: feni inayovuma, jokofu linalonguruma, taa inayopepesa, au mpita njia anayeingia ndani ya picha. Katika kila hali huwa kuna njia mbili: kuepuka kisumbufu wakati wa kurekodi au kukiondoa baadaye wakati wa uhariri. Makala haya yanaeleza kigezo kinachoweza kuuongoza uamuzi huo, yaani kiwango cha mgusano kati ya kisumbufu na kiini cha rekodi. Kwa kutumia mfano wa urekodi wa Kimvita, inaonyeshwa kwamba uondoaji wa mvumo unaweza kufuta mpumuo wa vipasuo, sifa inayotofautisha maana na ambayo maandishi sanifu hayaionyeshi. Aidha, makala yanaeleza kwa nini uhariri hauwezi kuilinda faragha ya mtu ikiwa nakala asili itahifadhiwa. Mwisho, yanatolewa mapendekezo kuhusu bajeti na kanuni za uhifadhi.

Istilahi muhimu: kisumbufu, uhariri, mpumuo, lahaja, uhifadhi

1.0 Utangulizi

Katika miradi mingi ya uhifadhi wa lugha, kauli kwamba kasoro fulani itarekebishwa baadaye hutolewa kwa wepesi. Msemaji amekwisha kuketi, chai imekwisha kunywewa, na hakuna anayependa kumkatiza mzee kwa sababu ya jokofu. Kauli hiyo huwa sahihi mara nyingine. Kalenda iliyotundikwa ukutani nyuma ya msemaji inaweza kufutwa kwa dakika chache. Mvumo wa feni, kwa upande mwingine, unaweza kuonekana umeondoka kabisa, huku sehemu ya data iliyomleta mtafiti uwandani ikiwa imeondoka nao.

Tofauti kati ya hali hizo mbili haitokani na ukubwa wa kisumbufu. Kalenda inaweza kuwa kubwa na yenye rangi kali, na feni ikawa na mvumo ambao waliomo chumbani wameuzoea kiasi cha kutousikia. Katika makala haya, kisumbufu ni chochote kinachoingia katika rekodi na kumzuia mtumiaji asikisikie au asikione kiini chake. Hoja kuu ni kwamba kisumbufu kilichotengana na kiini huweza kuachiwa mhariri, ilhali kilichogusana nacho hakina budi kuepukwa papo hapo.

2.0 Kigezo cha Mgusano

Mgusano hutokea katika mambo matatu: wakati, mahali na masafa. Mlango uliobamizwa katikati ya sentensi mbili haujagusana na usemi kiwakati. Kipande hicho hukatwa, na pengo likajazwa sauti ya chumba kitupu iliyorekodiwa kwa kusudi hilo. Mlango huohuo ukibamizwa juu ya neno, neno na kishindo huwa mkusanyiko mmoja wa mawimbi, wala hakuna mkasi unaoweza kuvitenganisha bila kubakiza alama.

Kuhusu mahali, jambo la kuzingatia ni iwapo kamera imetulia. Kamera iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu huonyesha ukuta uleule katika kila fremu. Kwa hiyo, kiraka kimoja kilichochukuliwa katika sehemu safi ya ukuta kinaweza kuifunika kalenda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hali hubadilika pale kamera inaposhikwa mkononi au mkono wa msimulizi unapopita mbele ya kalenda. Kiraka hulazimika kufuata mwendo huo fremu kwa fremu. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, sekunde 40 tu zina fremu 1,000. Kazi iliyoweza kukamilika kwa kuitundua kalenda hugeuka kuwa kazi ya siku nzima, na mara nyingi mpaka wa vidole vya msimulizi huonekana ukitetemeka.

Mgusano wa masafa ndio mgumu zaidi kutambulika kwa kuwa hauonekani kwa macho. Ngurumo nzito ya magari ya mbali huwa chini ya hezi 80, nayo inaweza kukatwa kwa kichujio bila kuudhuru sana usemi. Mnguno unaotokana na umeme wa hezi 50, ambao ndio unaotumika Kenya, Tanzania na Uganda, una tabia nyingine. Mnguno huo hujirudia katika hezi 100, 150 na kuendelea, na masafa hayo ndiyo yanayobeba sauti ya msingi ya wanaume wengi wanapozungumza. Mvumo wa feni umeenea zaidi ya hapo: huanzia masafa ya chini hadi ya juu kabisa, hivyo hugusana na kila kitamkwa.

Taa nazo hudhihirisha kigezo hichohicho katika picha. Taa nyingi zinazotumia umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halilitambui jambo hilo. Kamera iliyowekewa kasi ya kilango ya sehemu 1 kwa 50 ya sekunde hupokea mipepeso miwili kamili katika kila fremu, na picha hutulia. Kamera iliyotoka kiwandani ikiwa imepangiwa nchi za umeme wa hezi 60 huwa na kasi ya sehemu 1 kwa 60. Kila fremu hupokea mpepeso mmoja na sehemu ya mwingine, na mistari ya kivuli huanza kutembea juu ya uso wa msemaji. Kuibadilisha kasi hiyo kabla ya kurekodi ni kazi ya sekunde chache. Kuiondoa mistari hiyo baadaye ni kazi ngumu, kwa sababu imelala juu ya uso wenyewe, nao uso ndio kiini cha picha.

3.0 Kinachopotea Mvumo Unapoondolewa

Ili kuielewa hasara ya uhariri wa sauti, ni muhimu kufahamu jinsi programu za kuondoa mvumo zinavyofanya kazi. Mhariri huchagua kipande kisicho na usemi na kuionyesha programu kama kielelezo cha mvumo. Programu hupima nguvu ya mvumo katika kila tabaka la masafa, kisha hupunguza kila kinachokaribia kiwango hicho katika rekodi nzima. Programu haijui lugha. Inachokijua ni kwamba sauti hafifu isiyo na mrindimo maalumu inafanana na mvumo.

Irabu hustahimili operesheni hiyo kwa kuwa zina nguvu nyingi na mrindimo ulio wazi. Wanaoathirika ni vikwamizi kama s, sh, f na th, ambavyo kwa asili yake ni mivumo inayotolewa na kinywa. Anayeathirika zaidi ni mpumuo. Katika Kimvita na lahaja nyingine za pwani ya kaskazini, vipasuo visivyo ghuna hutofautishwa kwa kuwepo au kutokuwepo kwa mpumuo. Neno paa bila mpumuo ni paa la nyumba. P'aa lenye mpumuo ni mnyama wa porini. Kaa bila mpumuo ni kaa la moto. K'aa lenye mpumuo ni yule wa baharini. Tofauti nzima ya maana imebebwa na pumzi hafifu inayodumu kwa makumi kadhaa ya milisekunde, na pumzi hiyo ndiyo hasa ambayo programu imeagizwa kuitafuta na kuipunguza.

Hasara hii ina uzito wa pekee kwa sababu maandishi sanifu hayauonyeshi mpumuo. Iwapo unukuzi umefanywa kwa tahajia ya kawaida na sauti imesafishwa, hakuna mahali pengine ambapo tofauti hiyo imebaki. Mtafiti wa baadaye atakayeisikiliza rekodi hiyo anaweza kuhitimisha kwamba msemaji huyo hakuwa akitofautisha jozi hizo, na kwamba lahaja imeanza kuipoteza sifa hiyo. Hitimisho hilo litakuwa limezaliwa na feni na uhariri, si na kinywa cha msemaji.

Hatari hiyohiyo hujitokeza hata pale ambapo hakuna mhariri. Simu nyingi za mkononi, pamoja na programu za mikutano ya mtandaoni, hupunguza mvumo zenyewe wakati wa kurekodi. Katika hali hiyo, uhariri umefanyika kabla ya mtafiti kupata nafasi ya kuamua, na nakala asili haipo. Kwa data ya kifonetiki, huduma hiyo haina budi kuzimwa; isipoweza kuzimwa, kifaa hicho hakifai kwa kazi hiyo.

4.0 Mfano: Chumba katika Mji wa Kale, Mombasa

Ichukuliwe kwamba kikundi cha watafiti watatu kimekaribishwa nyumbani kwa mvuvi mstaafu katika Mji wa Kale, Mombasa. Lengo ni kurekodi msamiati wa uvuvi na masimulizi ya safari zake za baharini. Chumba kina feni ya dari, jokofu katika chumba cha pili, kalenda ya duka ukutani, na dirisha linaloelekea njia inayopitiwa na pikipiki. Saa ni tisa kasorobo mchana, na adhana ya alasiri inakaribia.

Kisumbufu cha kwanza ni feni. Kwa kuwa mvumo wake umegusana na mpumuo, hauwezi kuachiwa uhariri. Hata hivyo, kuizima feni Mombasa mchana ni kumtwisha mzee joto kwa manufaa ya watafiti, naye akichoka masimulizi hufupika. Suluhisho ni kurekodi kwa vipindi vya takriban dakika 10, feni ikiwa imezimwa, na kuiwasha katika mapumziko. Kipimo hicho huongeza muda wa ziara kwa nusu saa hivi, lakini hakuna dakika hata moja ya data inayotiwa doa.

Hatua ya pili ni kuisogeza maikrofoni. Maikrofoni iliyo juu ya kamera iko sentimita 160 kutoka kinywani mwa mzee. Maikrofoni ndogo ya kubana kifuani iko sentimita 20. Kila umbali unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kwa takriban desibeli 6, huku sauti za chumba zikibaki karibu vilevile. Kutoka 160 hadi 80, kisha 40, kisha 20, ni nusu tatu, yaani desibeli 18. Faida hiyo haina gharama ambayo programu ya uhariri hutoza, kwa sababu haikipunguzi chochote kilichotamkwa. Ndiyo sababu kuisogeza maikrofoni hutangulia mabishano yote kuhusu uhariri.

Jokofu huzimwa kwa idhini ya wenye nyumba. Kosa la kawaida hapa ni kulisahau, watafiti wakaondoka na samaki wa familia wakaharibika. Baadhi ya wapiga picha huuweka ufunguo wa gari ndani ya jokofu ili isiwezekane kuondoka bila kulifungua. Kalenda haina haja ya mjadala mrefu: kamera imetulia, na mikono ya mzee haiifikii. Ikitunduliwa kwa ruhusa ni vyema. Ikisahauliwa, mhariri ataifunika. Hapa ndipo kauli ya kurekebisha baadaye inapokuwa na haki.

Pikipiki zinahitaji uamuzi wa aina mbili. Katika orodha ya msamiati, ambapo kila neno hutamkwa mara tatu, pikipiki ikipita juu ya neno k'aa, mtafiti husubiri ipite na kuomba neno lirudiwe. Katika masimulizi, kumkatiza mzee ni kuikata hadithi, na usimulizi wa pili huwa mfupi na wenye kuruka mambo kwa kuwa msimulizi anaamini wasikilizaji wamekwisha kuyajua. Hapo mtafiti huandika dakika ya tukio, huiacha hadithi iendelee, na mwishoni huuliza tena lile neno lililomezwa. Adhana inapoanza, mzee mwenyewe hunyamaza. Kikundi huzima kamera na kusubiri, na wanaotaka kuswali huenda kuswali.

Katika muziki wa jirani mna mtego mwingine. Muziki hafifu unaweza kuonekana hauna madhara kwa kuwa usemi unasikika. Tatizo hudhihirika mezani, kwa maana wimbo una mwendo wake. Mhariri akikata sentensi moja, wimbo huruka, na kila mkato husikika. Rekodi ya namna hiyo haiwezi kufupishwa kwa matumizi ya darasani wala ya redio. Kwa sababu hiyo, kumwomba jirani apunguze sauti ni bora kuliko kutegemea mkasi.

5.0 Visumbufu Visivyo Visumbufu, na Watu Wasioweza Kuhaririwa

Kabla ya kuepuka au kuondoa chochote, mtafiti anapaswa kujiuliza iwapo kinachomkera ni kisumbufu kweli. Msimulizi anaposema hadithi, hadithi, na watoto wakaitikia hadithi njoo, sauti za watoto hugongana na sauti yake, na kwa mtazamo wa fundi hilo ni doa. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, mwitikio huo ni sehemu ya utendaji. Watoto wakiondolewa chumbani, kinachorekodiwa ni matini ya hadithi bila hadhira yake. Jibu linalofaa ni kuiwekea hadhira maikrofoni ya pili na kuihifadhi kila sauti katika mkondo wake.

Kwa upande wa watu wanaoingia ndani ya picha bila ridhaa, kigezo cha mgusano peke yake hakitoshi. Ichukuliwe kwamba jirani amepita mlangoni na uso wake umeonekana kwa sekunde 5. Kiufundi, uso huo unaweza kutiwa ukungu bila shida. Hata hivyo, hifadhi ya utafiti hutunza nakala asili isiyohaririwa, na ndivyo inavyopasa. Uso uliofunikwa katika nakala ya kutazamwa bado uko wazi katika nakala asili, na utabaki hivyo kwa muda wote wa uhai wa hifadhi. Uhariri humfichia jirani yule mtazamaji wa leo tu. Kwa hiyo suala la ridhaa humalizwa kabla ya kamera kuwashwa: kamera huelekezwa kwenye ukuta badala ya mlango, au mmoja wa watafiti huketi nje na kuwajulisha wapitao.

6.0 Namna ya Kubaini, na Athari kwa Sera

Uamuzi mzuri hutegemea kusikia vizuri, na sikio la binadamu ni shahidi asiyeaminika katika jambo hili, kwani hujizoesha mvumo kwa dakika chache. Njia ya kuaminika ni kurekodi majaribio ya sekunde 30, msemaji akitamka jozi kama paa na p'aa, kisha kuyasikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Iwapo mtu anayeijua lahaja hawezi kuzitofautisha jozi hizo katika rekodi, hakuna uhariri utakaozirejesha, na chumba hakina budi kutengenezwa upya au kubadilishwa.

Mezani pia kuna jaribio. Programu nyingi za kuondoa mvumo humwezesha mhariri kukisikiliza kile kinachoondolewa badala ya kile kinachobaki. Kikisikika kama upepo mtupu, operesheni ni salama kwa kiasi. Yakisikika maneno, au mapigo ya konsonanti yanayofuata mdundo wa usemi, programu inakula lugha. Dalili nyingine ni mlio kama wa maji yanayobubujika nyuma ya sauti, unaoonyesha kwamba upunguzaji umepita kiasi.

Kutokana na maelezo hayo, yako mambo matatu yanayowahusu wanaotunga sera na kufadhili utafiti. Kwanza, bajeti za miradi ya uhifadhi zigharimie maikrofoni za kubana, vipokea sauti na ziara ya awali ya kukagua chumba, kabla ya kugharimia saa za uhariri. Fedha zinazotumika uwandani huzuia hasara. Zinazotumika mezani mara nyingi huificha tu. Pili, hifadhi zipokee nakala asili, kwa mfano faili la WAV la kilohezi 48 na biti 24 pamoja na video yake, na kila nakala iliyohaririwa iambatane na maelezo ya kilichoondolewa, mahali kilipoondolewa na programu iliyotumika. Bila maelezo hayo, mwanafonetiki hawezi kujua iwapo anachanganua kinywa au kichujio. Tatu, fomu za ridhaa ziseme wazi kwamba nakala asili itahifadhiwa, ili mshiriki asiahidiwe ulinzi ambao ukungu wa mhariri hauwezi kuutoa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba swali la kuepuka au kuondoa hujibiwa kwa kuangalia mgusano wa kisumbufu na kiini katika wakati, mahali na masafa, kisha kwa kuzingatia iwapo tukio linaweza kurudiwa. Kalenda katika picha tulivu na kishindo kati ya sentensi mbili vinaweza kuachiwa mhariri. Mvumo unaofunika usemi, kivuli kinachotembea juu ya uso, na mtu asiyetoa ridhaa haviwezi. Kigezo hiki kina mpaka wake: kiini hutegemea swali la utafiti. Rekodi iliyosafishwa kwa ajili ya kipindi cha redio inaweza kukidhi haja ya msikilizaji wake na wakati huohuo isifae kwa uchanganuzi wa vipasuo. Kwa kuwa mtafiti wa leo hawezi kuyajua maswali yatakayoulizwa baada ya miaka 50, wakati ambapo huenda msemaji hatakuwepo kurudia neno, lililo salama ni kuzima feni, kusogeza maikrofoni na kusubiri pikipiki ipite.